Stoo ya Shemeji

Umeme wa Bibi Specioza wa Kisaka ulikwisha tena upesi, taa ya vifaranga ikazimika, na asubuhi akawazoa wengine wakiwa wamekufa kwa baridi. Shemeji yake Erasto, aliyekaa chumba cha uani, alimlaumu mkwe wa Bibi.

"Ni Wegesa huyo. Pasi haimtoki mkononi."

Bibi akamgombeza Wegesa, akanunua umeme mwingine, akamwita fundi Hosea.

"Shikamoo, mama. Tazama taa nyekundu ya mita. Ikipepesa haraka, umeme unaliwa."

Hosea akazima swichi moja moja: ya taa, ya sebule, ya jikoni. Mita iliendelea kupepesa upesi. Alipozima ya stoo, ikatulia.

"Stooni kuna magunia tu," Erasto akasema, "na ufunguo umepotea."

"Basi tuvunje mlango."

Ufunguo ukatoka mfukoni mwa Erasto. Ndani, jiko la umeme lilikuwa bado jekundu, na juu ya wavu vipande vya nyama ya nyumbu vilichuruza mafuta katikati ya nzi. Moshi wa kuni ungewaita askari wa wanyamapori, kwa hiyo shemeji aliikausha kwa umeme wa Bibi.

"Hata wewe uliila siku ya Pasaka, ukasifu mchuzi," Erasto akanung'unika.

Bibi akatema mate kizingitini.

"Hosea, kata kabisa waya wa stoo. Kisha niitie Wegesa, nimwombe radhi mbele ya huyu."