Nisikuzuie, Mwalimu

Mwanangu nilimwachisha ziwa mapema kuliko nilivyotaka, nikamwacha Magwagwa kwa mama mkwe, nikarudi Nyacheki kufundisha darasa la tatu. Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Mume wangu alikuwa kibaruani Nairobi, na mama mkwe alikwisha sema mjukuu hatalelewa ugenini. Mtoto nilimwona likizo tu. Niliandika barua ya kuomba uhamisho, nikaandika nyingine, na zote zikanyamaziwa.

Kwa hiyo niliposikia kwamba afisa wa elimu atakuja kufungua madarasa yetu mapya, nilijua la kufanya: nikaongee naye ana kwa ana. Mwalimu mwenzangu, mwanamume mwenye maneno matamu aliyefundisha darasa la saba, akanipa somo.

"Usiende ukaanza kuwapa mkono mmoja mmoja kama uko matangani," aliniambia. "Utawakata maneno. Simama karibu na mtu unayemjua, usikilize. Wakicheka, cheka. Hadithi ikiisha, tia neno moja la hayo hayo wanayoyazungumza. Wakishakugeukia, hapo sema wewe ni nani."

Siku ile hotuba zilipokwisha, wageni walisimama kwenye nyasi kwa makundi. Sisi walimu wa kike tuligawiwa mabirika, bila kuulizwa. Mimi nilishika la chai, mwenzangu la maziwa moto ya Wasabato, ambao chai huilima na kuiuza lakini hawainywi. Nikiwa na birika, kila duara lilifunguka lenyewe. Bega lilisogea, kikombe kikaletwa, nikamimina, na maneno yakaendelea juu ya kichwa changu.

Nikaliweka birika mezani, nikajifuta mikono, nikaenda kwenye duara la afisa. Nilisimama nyuma kidogo ya mwalimu mkuu. Hakuna bega lililosogea. Mwenzangu wa darasa la saba alikuja na kikombe chake, akasimama upande wa pili, na watu wawili wakamwachia nafasi bila hata kumtazama.

Afisa alikuwa akisimulia jinsi Landrova yake ilivyokwama kwenye tope la mteremko wetu. Wakacheka, nikacheka. Hadithi ikaisha. Nikasema, "Hapo hata lori la majani ya chai lilikwama juzi, likavutwa na ng'ombe."

Lilikuwa neno zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa neno zuri. Wakanigeukia wote, na mwalimu mkuu akaninyooshea kikombe kitupu.

Niliona haya hadi masikioni, lakini sikurudi nyuma. "Bwana Afisa, mimi ni mwalimu hapa. Niliandika barua kuomba uhamisho wa kwenda Magwagwa. Nina mtoto mdogo huko."

Aliinamisha kichwa, akanisikiliza vizuri, akatabasamu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimefurahi sana kukufahamu, mwalimu. Kazi yenu tunaiona. Hebu nisikuzuie, wageni bado wanangoja chai."

"Asante sana, Bwana Afisa," nikasema. Nilikuwa nimeshapiga hatua kadhaa ndipo nikaelewa kwamba nimefukuzwa. Yeye hakuondoka mahali pake. Aliaga kwa niaba yangu. Nilimchukia kwa adabu zake. Mtu akikutukana, angalau una la kumjibu.

Mwenzangu wa darasa la saba alibaki pale mpaka afisa akapanda gari. Muhula uliofuata alihamishiwa Magwagwa, yeye ambaye hakuwa na mke wala mtoto. Alikuja kuniaga, akasimama mlangoni akikwepa macho yangu.

"Dada, sikuuomba," alisema. "Ilitokea tu katika mazungumzo."

Nilimwambia aende salama. Sikumsamehe, na sina mpango.

Mimi nilikaa Nyacheki miaka mingine mitatu. Uhamisho ulipokuja hatimaye, nilibeba godoro, sanduku na pipi za mtoto. Nilimkuta uani kwa nyanya yake, mvulana msafi, kaptura imeshonwa vizuri. Tuliketi kwenye nyasi. Nilimuuliza habari za vifaranga, za marafiki zake, za jino lililong'oka. Alijibu kila swali kwa heshima, macho chini, kama mtoto aliyelelewa vyema anavyojibu wageni. Alingoja nimalize. Kisha akasimama, akanipa mkono.

"Asante kwa pipi," alisema. "Naomba niende, mama ananiita."

Nyanya yake alikuwa jikoni, anamenya ndizi. Hakuwa amemwita.