Shafti Iliyopoa Nje Tu

Kaka yangu Musundi alikuwa fundi wa kuupa chuma ugumu katika karakana moja ya Shianda. Visu vyembamba vya kukatia miwa alivitoa tanuruni vikiwa vyekundu, akavizamisha kwenye oili na kuhesabu sekunde. Alinieleza kwamba ndani ya kisu joto hukimbia haraka kuliko oili inavyolinyonya, kwa hiyo kisu kizima hupoa pamoja, na hesabu moja fupi inatosha.

Mwezi wa Machi ililetwa shafti, mhimili wa chuma wa mashine, nene kama paja. Tajiri wa Musundi, Mzee Lumbasi, aliamuru ikishakuwa nyekundu izamishwe majini kwa hesabu ileile.

"Mzee, hii ni nene, na maji yananyonya kwa nguvu," Musundi alisema. "Nje itapoa na kuwa ngumu, katikati ibaki moto, na inaweza kupasuka. Hesabu ya visu haifai hapa."

"Umekuwa profesa siku hizi? Zamisha, mwenyewe anangoja."

Musundi alitii. Muda ulipoisha waliitoa, Mzee Lumbasi akaigusa, akacheka. "Si hii imepoa, profesa?"

Baada ya dakika chache ngozi ya shafti ilianza kupata moto tena kutoka ndani. Musundi alikuwa akiwaambia wenzake wasogee mbali ilipopasuka kwa mlio, na kipande kikamchoma shingoni. Hakufika hospitali.

Mzee Lumbasi alikuja matangani, akapiga magoti mbele yangu. Mungu anajua nilimshika mkono. Lakini kila jioni nikisali Baba Yetu, nikifika pale pa kusamehe waliotukosea, sauti yangu hukatika.