Komeo la Chini

Wakati wa vita ya pili ya nchi yetu nilikuwa seremala Bukavu. Asubuhi moja mwalimu mmoja wa mtaa wa Ibanda, mama wa makamo, aliniita nitengeneze mlango wa sebule yake. Niliuweka mwenyewe mwaka uliotangulia: mlango wa pande mbili, mmoja wa kupita kila siku, mwingine wa kusimama tu bila kufunguliwa, ulioshikwa kwa komeo juu na komeo chini.

Askari waliusukuma kwa mabega, wakaingia, wakamchukua mume wake. Hakurudi. Mama huyo alinieleza hayo akiwa mbali, kwenye korido. Kitasa kilikuwa hakijavunjika. Shemeji zake walisema basi yeye ndiye aliyesahau makomeo, kwa sababu ulimi wa kitasa unaingia katika ule upande wa kusimama, na ukiwa haukushikwa, pande zote mbili zinafunguka pamoja.

Naye alikuwa ameanza kuwaamini.

"Papa, unaweza kuona kama nilifunga ao nilisahau?" akaniuliza.

Nilipiga magoti. Fimbo ya chuma ya komeo la chini ilikuwa imepinda. Sementi ilikuwa imemeguka kwenye ukingo wa tundu la sakafuni linalopokea fimbo hiyo, upande wa ndani. Juu, skrubu zilikuwa zimeng'oka na vipande vya mbao. Makomeo yaliyoachwa wazi hayaumii hivyo.

Lakini niliingiza kidole katika tundu la sakafuni, kikagota haraka. Nikakumbuka. Siku ile ya kuuweka mlango, tindo langu lilikutana na jiwe, risasi zikaanza kusikika upande wa Kadutu, nami nilitaka kufika nyumbani. Badala ya kuchimba zaidi, nilikata ncha ya fimbo kwa msumeno, mkono wa komeo ukageuka vizuri. Kila jioni mama huyu alikuwa anashusha komeo, anahisi limefika, na chuma kimeingia kiasi cha ukucha tu.

Ningeweza kusema alifunga na kunyamaza hapo. Nilikaa chini muda mrefu, nikijifanya napima.

"Maman, ulifunga," nikasema. "Yote mawili. Ni mimi nilichimba tundu fupi."

Alikuja, akapiga magoti kando yangu, akatia kidole chake mule ndani. Alikiacha humo mpaka nikashindwa kumtazama.

Kisha akaniambia nimalize kazi. Nilivunja lile jiwe, nikajengea bomba la chuma katika sementi, nikaweka makomeo mapya marefu, yaliyozama katika unene wa ule upande wa kusimama, mahali mkono wa mtu wa nje haufiki. Alijaribu mwenyewe, juu, chini, juu, chini, huku analia bila sauti.

Hakuniita tena, wala sikutegemea aniite. Nikipita Ibanda hadi leo, navuka barabara kabla ya kufika kwake. Na usingizini nasikia ule mkono wa komeo ukigeuka kirahisi, kama kitu kilichofungwa kweli.