Kura ya Mbuzi wa Yatima

Saa tatu asubuhi msimamizi wangu wa chuo alinirudishia aya moja. Tasnifu yote aliikubali, isipokuwa hiyo aya ya mpangilio wa jaribio. Kamati ilitaka kuiona kabla ya saa sita. Nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili, na barua ya mwisho ilisema wazi kwamba nikichelewa tena nitafutwa chuoni.

Nilikuwa ofisa wa mifugo hapa Garissa, mtu wa milimani niliyeletwa na kazi. Nilikuwa nimejaribu kuwalisha mbuzi maganda ya mbegu yaliyosagwa ya mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa huku, na waliolishwa walinenepa kuliko wenzao hata nikaanza kujigamba ofisini. Aya yangu ilisema mbuzi ishirini na wanne waligawanywa makundi mawili, moja likapewa maganda, na vipimo vikarudiwa mara nne. Chini yake msimamizi aliuliza maswali matatu. Kundi la pili lilipata nini? Marudio yako ni yapi? Nani aligawa mbuzi, na kwa njia gani?

La kwanza nililijibu upesi: kundi la kulinganishia lilichungwa malisho yale yale, likanywa kisima kile kile, na jioni kila mbuzi alifungwa peke yake kama wenzake, ila bila maganda. La pili liliniumbua. Nilikuwa nimehesabu vipimo vya mizani kama marudio, kana kwamba kumpima mbuzi mmoja mara nne kunamfanya awe mbuzi wanne. Kwa kuwa kila mbuzi alilishwa peke yake, marudio yalikuwa mbuzi kumi na wawili kwa kila kundi. Nikafuta, nikaandika upya.

Kwenye la tatu niliandika "kwa kura", kisha vidole vikagoma. Siku ya kugawa nilikuwa kitandani na malaria. Nilimpigia simu mzee mwenye boma lililokuwa na mbuzi wa jaribio, nikamwambia agawe tu, asichague. Sasa nilimpigia, hakushika. Nikapanda bodaboda kwenda kwake nje ya mji.

Mzee alikuwa anachota maji ya mbuzi. Nilimsalimia, nikamuuliza aligawaje.

"Fizuri kabisa, daktari," alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Mbuzi ya yatima nilibeleka kwa chakula. Hao watoto wa ndugu yangu hawana baba. Yatima anabata kwanza. Kwenu si hifyo?"

"Na walikuwa na hali gani?"

"Kondefu, wallahi. Mfupa tupu."

Nilitamani kumfokea, nikashindwa, kwa sababu alikuwa amefanya jambo la utu. Lakini mbuzi aliyekonda kwa njaa akipata chakula huongeza uzito haraka kuliko aliyeshiba tangu mwanzo. Unene niliojigamba nao huenda haukutokana na mathenge hata kidogo. Na ningewashauri wafugaji wa kaunti nzima wayategemee maganda hayo.

Saa tano na nusu nilikuwa ofisini. "Kwa kura" bado ilikuwa kwenye skrini, na hakuna mtu chuoni ambaye angejua. Nilikaa nayo dakika kumi, naona aibu hata leo kusema kumi. Kisha nikaandika: "Mbuzi hawakugawanywa kwa nasibu. Mwenye boma aliwaweka wa yatima, waliokuwa wamekonda, kwenye kundi lililolishwa." Nikatuma.

Jibu lilikuja jioni. Aya sasa inaeleweka, na kwa hiyo jaribio halikubaliki. Msimamizi alikuwa amewabembeleza wenzake wakanipa msimu mmoja, basi.

Tulianza upya kwa mbuzi wengine, ambao hawakuwa wameonja maganda. Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba mwisho wa jaribio waliokosa nao walishwe, na nikaliingiza kwenye aya. Tuliwapima wote, tukawapanga wawiliwawili wanaokaribiana uzito, na kwa kila jozi kura iamue nani ale. Karatasi mbili, moja yenye alama ya kula na moja tupu, zilikunjwa ndani ya kofia yake, naye akachota mwenyewe.

Jozi ya kwanza ilikuwa mbuzi wake na mbuzi wa yatima. Wa yatima akachotewa karatasi tupu.

Mzee aliitazama pande zote mbili. "Badilisha," alisema.

"Siwezi, mzee."

"Yangu ikule, ya yatima iangalie? Mbele ya Mungu?"

Nilijua akiondoka na mbuzi wake, masomo yangu yamekwisha siku hiyo. Nilijua pia nikibadilisha huyo mmoja, nimerudi kwenye uongo wangu. Nilimwambia tena kwamba siwezi.

Alimshika mbuzi wa yatima pembe, akamvuta mwenyewe hadi upande usio na maganda, akamfunga. Fundo alilikaza kwa hasira.

"Andika," alisema, bila kuniangalia. "Andika ni mimi nimemnyima."