Sabuni ya Kufikisha Hamsini

Mama yangu alikuwa mpika sabuni, na nyumba yetu yote ilinukia mchaichai. Hadi leo nikipita mahali nikasikia harufu ile, moyo unaniruka. Jikoni hapakuwa na pa kuweka hata kikombe: juu ya kabati, chini ya meza, kote vipande vya sabuni vimepangwa vikikomaa. Ukigusa kabla ya siku yake, ole wako!

Mimi nilikuwa nafanya kazi ofisini kwenye duka la mtandaoni la vitu vya nyumbani, nasoma data za oda. Bosi alikubali tuiuze sabuni ya mama, kila kipande shilingi elfu nne. Basi ikauzika, jamani! Mama akawa hashikiki. Jirani akija kuomba chumvi, anasimuliwa kwanza habari za wateja.

"Mwanangu," akaniambia siku moja, mikono kiunoni, "nimeona sufuria kubwa sokoni, ya kupikia watu mia. Nauza cherehani naichukua."

Cherehani! Ile aliyonishonea sare zangu zote za shule. Na mimi nilikuwa najua kitu ambacho yeye hakukijua.

Dukani kwetu, ukinunua vitu vya elfu hamsini, usafiri ni bure. Chini ya hapo unalipa elfu sita. Sasa binadamu tulivyo, nani alipe elfu sita za pikipiki? Mtu akifikisha elfu arobaini na sita au na saba, anatafuta kitu kidogo cha kumfikisha. Ukipanga oda zetu kwa ukubwa, unaona kabla ya hamsini kweupe, halafu hamsini na kidogo pamejaa pomoni. Na humo ndimo ilimokuwa sabuni ya mama. Ilikuwa bei nafuu, haiozi, ndiyo iliyowavusha.

Na Bosi alikuwa ameshaamua: mwezi ujao kiwango cha usafiri wa bure kinapanda hadi elfu themanini. Mwenye elfu arobaini na sita, sabuni ya elfu nne ingemfikisha wapi?

Nilimwambia mama jioni ileile, tukikata sabuni. Nilijaribu kwa upole, lakini upole na mimi tuko mbalimbali.

"Kwa hiyo sabuni yangu ni ya kujazia kapu?" Kisu kikatua mezani. "Watu wanaiogea, wewe unaniletea mahesabu!"

"Mama, sijasema mbaya. Nasema usiuze cherehani."

Alininunia siku mbili. Chai alinipa, ila kikombe alikisukuma bila kunitazama. Roho iliniuma sana, kwa hiyo nikarudi kwenye data na kutafuta kitu kingine: wale ambao kapu lao lilishavuka hamsini hata ukiitoa sabuni, na wale waliobaki chini na kulipia usafiri, lakini bado wakainunua. Hao hawakusukumwa na kiwango chochote.

"Wapo," nikamwambia. "Wachache, lakini wanarudi kila mara."

Akageuka. "Wangapi? Wanajaza sufuria yangu hii ya zamani?"

"Hiyo wanaijaza."

Akafikiri kidogo, akacheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo. "Basi sufuria kubwa ikae hukohuko sokoni. Nitawapikia hao wangu."

Kiwango kikapanda. Waliokuwa na kapu la elfu sabini na kitu wakaongeza vitu hadi themanini. Wa elfu arobaini wakaona mlima, wengi wakaacha kapu wakaondoka zao. Wastani wa oda ukapanda, Bosi akatununulia soda. Nikamwambia Bosi, wastani umepanda pia kwa sababu oda ndogo zimetoweka, tuhesabu na oda zilizopungua. Akasema nisimharibie soda yake. Baadaye alikuja kukiri, akashusha kiwango hadi sitini.

Sabuni ilishuka vibaya, ikasimama palepale kwa wale wachache. Mama aliwapikia miaka yote iliyobaki. Kila nikirudi kazini alinipokea na swali lilelile: "Wangu wameagiza?" Nikisema ndiyo, uso unamchanua. Siku hizi natamani nilisikie tena swali lile, hata mara moja tu, hata niwe nimechoka na njaa inaniuma, nilisikie.

Wiki moja baada ya mazishi yake niliingia mtandaoni kuiondoa sabuni yake dukani. Nikakuta oda imeingia asubuhi hiyo: kipande kimoja peke yake, na mteja amelipa elfu sita za usafiri kwa sabuni ya elfu nne.

Nyumbani kilikuwa kimebaki kipande kimoja, nilichokificha chini ya mto wangu niwe nakinusa. Nikakaa nacho kitandani mpaka chai ikapoa. Halafu nikakifunga vizuri kwenye karatasi, kama alivyokuwa akifunga yeye, nikampa wa pikipiki.