Mdhamini Wangu

Mume wangu aliponipa talaka, alihamia Mtawanya akaniachia chumba chetu cha Magomeni. Mkataba wa pango ulikuwa kwa jina lake, ingawa kodi nilikuwa nailipa mimi kwa kuuza samaki wa kukaanga. Nikamwomba mama mwenye nyumba auandike kwa jina langu. Akakubali, mradi mtalaka wangu asaini kwanza kwamba amekiachia chumba. Alisaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nami nikaandikiwa mkataba mpya. Kisha mama mwenye nyumba, naye mjane, akasema mwanamke anayeishi peke yake lazima adhaminiwe na mwanaume. Akamrudishia kalamu mtalaka wangu yuleyule. Kabla ya kusaini, aliniuliza kama nitakuwa nalipa kwa wakati.