Rafiki yangu alipoanza kuniheshimu, nilijua nimempoteza

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Mimi ni bibi wa Unguja, mjukuu ndiye anayeniandikia hapa. Ninayosema yamenikuta mwenyewe.

Miaka ya hamsini nilikuwa na shoga yangu Salama, jirani yangu wa mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini. Hatukuwa na adabu hata kidogo. Nikipita mlangoni kwake ataniita, "We mchafu, umekoga leo?" Nami namjibu, "Nimekoga, maji nimekunyima wewe."

Msishangae. Matusi yale mtu baki hathubutu kukwambia, maana ukikasirika anaumbuka yeye. Anayekutania anaiweka heshima yake mkononi mwako. Ukicheka, umemrudishia, na nyote wawili mnajua kuwa mnaaminiana.

Basi, mwishoni mwa miaka ile siasa zikaingia. Watu wakawa hawaendeani harusini wala mazikoni kwa ajili ya vyama. Mimi na Salama tulikuwa vyama mbalimbali, na tuliendelea kutukanana vile vile.

Akaolewa mdogo wake, kwa watu wakubwa wa chama chao. Ndugu zangu walinikataza kwenda. Nikaenda, shoga yangu huyo!

Uani wanawake tunapakua pilau, mashangazi wa bwana harusi wamekaa pale pale. Nikaonja, nikasema kwa sauti kama kawaida yetu, "Salama, pilau hii umewapikia watu au kuku?"

Nilikuwa nangoja anitukane. Ningetukanwa pale, wote wangejua huyu ni mtu wetu.

Shangazi mmoja akanitazama kuanzia kanga mpaka miguu. Salama naye akamtazama shangazi, kisha akanigeukia.

"Utuwie radhi, bibie. Nnakwenda kukuletea sahani nyengine."

Bibie! Mimi!

Wakuu, nilihisi kama nimevuliwa kanga. Utani ule ule, kwa kuwa yeye hakuupokea, ukageuka tusi, na mtukanaji nikawa mimi. Na ningemlaumu kwa lipi? Kaomba radhi, kaleta sahani, kaiweka kwa mikono miwili. Adabu haina pa kuishika ukaishitaki.

Nikala. Ilikuwa tamu.

Tangu siku hiyo tukikutana njiani ni "Hujambo bibie, watoto hawajambo?" Mama yangu alipofariki Salama alikuja, na kuja kwake kulihitaji moyo siku zile, hilo nampa. Akakaa mkekani, akasema maneno yote yanayotakiwa, hakukosea hata moja. Nilikuwa nangoja aniinamie sikioni aseme, "Futa makamasi, unatisha." Akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Nililia sana, na watu walidhani namlilia mama tu.

Nilichojifunza: ugomvi una suluhu, heshima ya ghafla haina. Mwenye rafiki anayemtukana amshukuru Mungu.

Haya, nanyi semeni. Nani aliwahi kuheshimiwa hivyo na mtu wake? Na msiniambie nisamehe, nshachoka kuambiwa.